Nakala Haitangulii Barua

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye jalada lake binafsi, na huko ndiko lilikokaa miaka yote. Watu wa shirika walimwita Bi Pambizo. Alikuwa na rula ya chuma ya inchi kumi na mbili iliyokwanguka namba, na hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kulazwa chini ya rula ile. Inchi moja na nusu kushoto, kwa sababu huko ndiko karatasi inakotobolewa ili iingie jaladani. Inchi moja kulia. Ukimpa barua yenye pambizo nyembamba, alikuwa akiitoboa mbele yako, kisha anakuonyesha tundu lilivyokula herufi za mwanzo.

"Umeona? Umeandika 'naomba', jalada limebaki na 'omba'. Sasa wewe ni ombaomba."

Watu walicheka, yule mwenye barua akacheka pia kwa aibu, akaenda kuchapa upya.

Tusimwonee. Kazi aliijua. Alianza enzi za mashine za chapa na karatasi za kaboni, alipokuwa msichana mwenye vidole vyepesi, na kufikia wakati huu alikuwa katibu muhtasi mkuu wa tawi. Barua ilimwingia kichwani kabla ya kuingia karatasini: nembo ya shirika juu katikati, kumbukumbu namba kushoto, tarehe kulia kwenye mstari uleule, anwani ya mpokeaji, kichwa cha habari kwa herufi kubwa baada ya neno YAH, mwili wa barua, sahihi, jina, cheo, na mwisho kabisa orodha ya wanaopewa nakala, wakubwa kwanza na wadogo baadaye. Alisema barua ni kama mtu. Ikikosa kichwa ni maiti, na ikikosa namba ni mwana haramu.

Ila kujua kazi ni jambo moja, na kufurahia kumrudisha mtu mlangoni ni jingine. Bi Pambizo alifurahia, na hakuficha.

Muulizeni dereva wa gari la mizigo la shirika. Mama yake alifariki mbali, akaandika barua ya kuomba ruhusa akazike. Barua ya mfanyakazi kwenda kwa mkubwa lazima ipite kwa msimamizi wake, na hilo linaonyeshwa kwa maneno mawili chini ya anwani: "Kupitia kwa". Dereva hakuyaandika. Bi Pambizo akairudisha. Akaandika upya, akasahau kichwa cha habari. Ikarudi. Mara ya tatu aliweka kichwa, akaweka "Kupitia kwa Mkuu wa Karakana", lakini Mkuu wa Karakana alikuwa ametoka na hakutia sahihi.

"Mama, mazishi ni kesho," dereva alisema.

"Na mimi sikufiwa na mtu," Bi Pambizo alimjibu bila kuinua macho. "Utaratibu ni utaratibu."

Dereva alipofika kwao alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakunja mikeka. Tangu siku ile alimsalimia Bi Pambizo kwa adabu zote, tena akimwita mama, na Bi Pambizo akaamini kwamba somo limemwingia.

Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, mwanamke wa kitandani, miguu imekufa, macho yamebakiwa na mwanga kidogo. Walikaa katika nyumba ya shirika, ya vyumba viwili, mwisho wa safu ya nyumba za wafanyakazi. Ilikuwa nyumba ya chini isiyo na ngazi, maji ya bomba ndani, choo ndani, mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, na kitanda cha mama kimesogezwa dirishani ili awasikie wapita njia. Mtaani nyumba ya namna hiyo ingekula mshahara wote, na hata hivyo usingeipata yenye choo ndani. Bi Pambizo alijua kwamba nyumba ile ni ya cheo wala si ya mtu. Cheo kikiondoka, nyumba inakifuata.

Kila jioni, akimlisha mama yake uji, alimsimulia barua alizozirudisha siku hiyo. Bibi kizee hakujua kusoma hata a, lakini alizipenda habari zile kuliko redio.

"Huyo wa leo kafanya nini?"

"Kaandika tarehe kwa namba tupu, mama. Mwezi haujulikani, siku haijulikani."

"Mjinga! Ukamrudishia?"

"Nikamrudishia."

Bibi kizee alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. "Warudishie, mwanangu. Usiwape nafasi."

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa mchapaji wa pili wa tawi, binti aliyeajiriwa miaka michache tu, mwenye mtoto mchanga. Bi Pambizo alimpa jina la Nakili-Bandika, kwa sababu binti hakuandika barua mpya hata siku moja. Alichukua barua ya zamani kwenye kompyuta, akabadilisha jina, akaitoa. Mara moja alimwandikia mgavi wa karatasi barua iliyokuwa bado na kichwa cha YAH: RAMBIRAMBI. Bi Pambizo aliibandika barua ile ukutani wiki nzima, kila mgeni asome.

Lakini alimfundisha pia, hilo tuliseme. Alimfundisha kwa rula vidoleni kama watoto wa shule. "Nafasi moja baada ya mkato! Cheo chini ya jina, si pembeni! Ndugu, halafu mkato, halafu kichwa!" Binti alijifunza huku analia chooni. Usiku mtoto wake naye alilia, na sauti ilipita ukutani hadi kwenye kitanda cha bibi kizee. Bi Pambizo alikuwa na sababu mbili za kumtaka binti yule aondoke, na alikuwa akingoja ya tatu.

Sababu ya tatu ililetwa na waraka. Makao Makuu waliandikia matawi yote kwamba kompyuta zimepunguza kazi, kwa hiyo kila tawi lenye wachapaji wawili libaki na mmoja. Waraka ulipita kwenye meza ya Bi Pambizo kama karatasi nyingine zote. Akaugonga mhuri wa kupokelewa, akaandika namba ya jalada na namba ya ukurasa wake jaladani, akaupeleka kwa Afisa Utawala. Mioyoni mwa watu kuna methali nyingi, lakini ya moyo wake siku ile ilikuwa moja tu: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Jioni alimwambia mama yake, "Kile kitoto cha jirani kitaacha kukusumbua."

"Kinahama?"

"Kinahamishwa."

Afisa Utawala alikuwa mwanamume laini, mwenye sauti ya kuombaomba radhi, asiyeweza kumwambia mtu habari mbaya hata kwa simu. Tena alikuwa na jeraha lake. Mwaka uliopita aliandika mwenyewe barua ya kumsimamisha kazi mlinzi mmoja, Makao Makuu wakairudisha na maneno pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni barua au ni shairi?" Mlinzi akarudi kazini, na mpaka leo anamfungulia geti huku anatabasamu. Tangu hapo Afisa Utawala hakutoa karatasi yoyote nje ya tawi bila macho ya Bi Pambizo.

Siku kadhaa baada ya waraka alimwita, akafunga mlango, akamsukumia karatasi moja mezani.

"Mama, hebu niangalizie hii. Jina nimeacha wazi. Nitalijaza mwenyewe baadaye."

Na hapa, ndugu msomaji, sitaki nikufiche jambo nikakufanya mjinga. Jina lilikuwa limeshateuliwa. Lilikuwa ndani ya mfuko wa shati la Afisa Utawala, kwenye kikaratasi kutoka Makao Makuu, ambako walikuwa wamepiga hesabu zao na kuona kwamba mchapaji mzee anakula mishahara ya wachapaji wadogo wawili. Jina lilikuwa la Bi Pambizo. Mwanamume yule alikosa ulimi wa kumwambia, akaona bora ampe aisome. Pengine alitumaini kwamba ataelewa mwenyewe. Pengine alitaka tu barua isiyorudi. Mimi nadhani yote mawili, na la pili lilikuwa zito zaidi.

Bi Pambizo aliisoma mara moja tu. Alivuta pumzi kwa furaha kama mtu aliyewekewa sahani.

"Mkuu, hii ni memo."

"Ndiyo. Nilidhani ni jambo la ndani."

Kweli alikuwa ameiandika kwa mtindo wa memo: KWA, KUTOKA, TAREHE, YAH, mmoja chini ya mwingine, bila anwani na bila sahihi.

"Memo ni ya kuambizana humu ndani kwamba kikao ni saa nne na kila mtu aje na kalamu," alisema. "Memo haivuki geti, Mkuu. Mhasibu wa Makao Makuu hawezi kumkatia mtu mshahara kwa memo. Memo haimtoi mtu nyumbani. Hii lazima iwe barua, kwenye karatasi yenye nembo, na sahihi yako."

"Haya. Iwe barua."

"Na kichwa hiki. 'Mabadiliko katika kitengo cha uchapaji.' Mabadiliko gani, ya mapazia? Kichwa kinasema kilichomo. Andika: KUKOMESHWA KWA AJIRA."

"Si kikali sana?"

"Ni kweli. Ukali ni wa jambo lenyewe."

Afisa Utawala alikuna shingo. Bi Pambizo alikuwa ameshatoa kalamu, anaandika juu ya ile rasimu kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

"Kumbukumbu namba umekosea. Umeweka namba ya jalada la waraka. Barua inakwenda kulala kwenye jalada ambalo namba yake imetajwa, haitazami kichwa. Ukituma hivi, masjala wataitia kwenye jalada la waraka. Siku huyo mtu akikata rufaa, watafungua jalada lake binafsi, hawataona kitu. Kesho yake yuko mezani, anakuuliza umeamkaje."

"Kumbe."

"Weka JB, jalada binafsi, na namba ya mwenyewe. Hapo hachomoki." Alipiga mstari mwingine. "Na hapa: 'Una siku thelathini za kuondoka au kukata rufaa tangu utakapoipokea barua hii.' Nani atathibitisha kaipokea lini? Atasema hakuiona, atasema alikuwa mgonjwa, mtoto mgonjwa. Andika: 'kuanzia tarehe ya barua hii'. Tarehe iko juu pale, imechapwa, haina mdomo wa kubisha."

"Lakini barua ikichelewa kumfikia?"

"Hiyo ni shida yake na tarishi."

Afisa Utawala alimtazama yule mwanamke mbele yake, miwani puani, rula mkononi, na akafungua mdomo. Wallahi alifungua. Kisha akaufunga.

"Orodha ya nakala," Bi Pambizo akaendelea. "Umemweka Mkurugenzi wa Utumishi na Mhasibu Mkuu, vizuri. Majengo wako wapi?"

"Majengo nimewaacha kwa makusudi, mama." Sauti yake ilishuka. "Nilifikiri, kwa ubinadamu, huyo mtu akae kwanza kwenye nyumba. Bila nakala hawatajua haraka. Miezi sita, pengine mwaka. Ana... huenda ana mtu wa kumtunza."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguliwa mbele yake, wazi kabisa, na Bi Pambizo akausukuma ukafungika. Alimfikiria mtoto anayelia ng'ambo ya ukuta. Alifikiria usingizi wa mama yake.

"Mkuu, kila mwenye kutunza mtu angeachiwa nyumba, shirika lingekuwa kituo cha wazee na mayatima. Barua isiyo na nakala kwa wahusika ni barua ya mapenzi." Akaandika kwa kalamu: Meneja wa Majengo, wa tatu. "Na wa nne ni Jalada."

"Una uhakika?"

"Mkuu, kazi hii nimeifanya wewe ukiwa unavaa kaptula."

"Basi sawa." Alisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Na kweli alikuwa ameutua, kwani sasa haikuwa barua yake tena.

Bi Pambizo aliichapa mwenyewe mchana ule. Alitia tarehe ya siku hiyohiyo. Aliandika neno SIRI juu na chini ya ukurasa, akamweleza mkubwa wake kwamba barua za namna hii zinakwenda katika bahasha mbili, ya ndani imegongwa SIRI, na kwamba masjala hawaruhusiwi kuifungua. "Hata mimi sitaiona tena," alisema. "Jina usilijaze kwa kalamu, itaonekana imechezewa. Lichapwe, pamoja na namba ya jalada lake." Akamkabidhi flashi, akarudi mezani kwake akinong'ona wimbo.

Afisa Utawala hakujua kuchapa. Alimwita Nakili-Bandika.

Binti aliliona jina la kuchapwa, akalisoma mara mbili. Aliambiwa akisema neno nje, yeye ndiye atakayeondoka. Akakaa kwenye kiti cha mkubwa, akalichapa pamoja na namba ya jalada. Nakala zikaondoka na tarishi siku ileile kwenda kwa wahusika wote watatu, kila moja ikiwa na alama ya vema mbele ya jina la mwenye kuipokea, kama Bi Pambizo alivyofundisha. Barua yenyewe, ile ya kupewa mwenyewe, Afisa Utawala aliitia kwenye droo. Nitampa kesho, alijiambia. Kesho ilikuwa siku ya kuzaliwa mtu ofisini. Kesho kutwa Bi Pambizo alikuwa na mafua. Wiki iliyofuata alikuwa na furaha mno. Mtu mwoga hakosi kalenda.

Na kweli mwezi ule Bi Pambizo alikuwa na furaha. Kila asubuhi binti alimwamkia, "Shikamoo, mama," macho chini, na Bi Pambizo akayasoma macho yale kuwa ni ya mtu aliyeshapata barua yake.

"Marahaba. Umeanza kufungasha?" alimwuliza siku moja mbele ya watu.

"Kufungasha nini, mama?"

"Chochote. Ni vizuri mtu awe na maboksi ndani."

Binti aliondoka mbio akaenda chooni. Bi Pambizo alimwambia mama yake jioni, na bibi kizee akacheka, ingawa hakuelewa vizuri kichekesho kiko wapi.

Ilikuwa asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, mlango ulipogongwa. Nje alisimama mtu wa Majengo, amekunja mikono ya shati, ana ubao wa kuandikia, na nyuma yake fundi mwenye kitasa kipya ndani ya boksi.

"Samahani, mama. Tumekuja kukabidhiwa nyumba."

"Nyumba ya jirani ni ile," Bi Pambizo alisema, akaonyesha kwa kidole. Hata akamsikitikia kidogo binti wa watu, asubuhi mapema vile na mtoto mdogo.

Mtu wa Majengo alitazama karatasi yake, akatazama namba mlangoni. "Ni hii, mama. Siku thelathini zilikwisha juzi."

Akampa aione. Bi Pambizo aliitambua ile karatasi kwa mbali, kama unavyomtambua mtoto wako katika umati. Inchi moja na nusu kushoto. SIRI juu, SIRI chini. KUKOMESHWA KWA AJIRA. Katika orodha ya nakala, wa tatu, Meneja wa Majengo, na alama ya vema mbele yake. Kisha macho yakapanda polepole hadi mahali pa jina.

"Hii ni nakala," alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya ofisini. "Barua yenyewe mimi sina. Nakala haitangulii barua. Huwezi kumjia mtu na nakala ya barua ambayo hajapewa. Nenda ukajifunze kazi."

"Mama, mimi ni wa majengo tu. Hapa kwangu imeandikwa kuanzia tarehe ya barua. Na tarehe hii hapa."

"Nani, mwanangu?" bibi kizee aliuliza kutoka dirishani.

"Watu wa kitasa, mama."

Aliwaacha pale mlangoni, akaenda ofisini na kanga ya nyumbani mabegani, watu wakamwona na wakageuza nyuso. Afisa Utawala alipomwona hakusubiri kuulizwa. Alivuta droo, akatoa bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, akaziweka mezani kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi.

"Nilikuwa nakutafutia siku nzuri, mama."

"Nitakata rufaa."

"Siku zimekwisha."

"Sikuipokea! Mungu anajua nimeipokea leo!"

"Najua. Ila barua inasema..." Hakumalizia. Walijua wote wawili barua inasema nini, na nani aliyeifanya iseme hivyo.

Bi Pambizo alikaa kwenye meza yake kwa mara ya mwisho. Akatoa rula. Ofisi nzima iliacha kazi kumtazama, maana walijua anachokitafuta. Kosa moja tu. Kosa moja angeliandikia Makao Makuu, nao wangeirudisha barua kwa kalamu nyekundu kama ile ya mlinzi, na nyumba ingebaki. Alipima kushoto. Alipima kulia. Alisoma kumbukumbu namba akailinganisha na namba ya jalada lake, ambayo aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Sawa. Rejea ya waraka wa Makao Makuu, namba na tarehe yake, sawa. Sahihi, jina, cheo, sawa.

Likabaki jina. Kama namba, nalo lilijazwa na mkono mwingine, na mkono ule ulikuwa wa Nakili-Bandika, aliyemwandikia mgavi rambirambi. Bi Pambizo alishusha pumzi ya matumaini. Akaweka rula chini ya mstari. Majina yake yote matatu, herufi kwa herufi. Nafasi moja kati ya kila jina. Cheo chini ya jina, si pembeni. Ndugu, halafu mkato, halafu kichwa.

Aliinua macho. Binti alikuwa amesimama kando ya kabati, machozi yanamtiririka.

"Hukuweza hata kukosea herufi moja?" Bi Pambizo alimwuliza. Lilikuwa ombi, na ndiyo mara ya kwanza binti kumsikia akiomba.

"Nilikuogopa, mama," binti alisema. "Nilijua utaipima."

Nyumbani mtu wa Majengo alikuwa ameshahesabu madirisha. Bi Pambizo hakuwa na jinsi nyingine, akaenda karakana kuomba gari la mizigo lihamishe vitu na kitanda cha mgonjwa. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, anakunywa chai. Alisimama kwa adabu.

"Mama, mimi niko tayari hata sasa hivi," alisema. "Niletee tu barua. Iwe na kichwa, na ipitie kwa Mkuu wa Karakana."

"Mkuu wa Karakana yuko?"

"Ametoka, mama."

Hakutabasamu. Alikaa tena akaendelea na chai yake.

Bi Pambizo alirudi nyumbani kwa miguu. Fundi alikuwa amepiga magoti mlangoni, ameshatoa kitasa cha zamani, na tundu lake lilionyesha mwanga wa nje. Bi Pambizo alikaa kitandani kwa mama yake, bahasha mapajani.

"Wanasema kuna barua," bibi kizee alisema. "Ya kututoa."

"Ndiyo."

"Itakuwa ina kosa. Itazame vizuri. Warudishie."

"Haina kosa, mama."

"Hata dogo? Tarehe je? Ile namba?"

"Hakuna."

Bibi kizee aliwaza, midomo yake inatafuna hewa. Miaka yote aliyosimuliwa barua hakuwahi kusikia habari ya barua isiyo na kosa. "Basi mwenye kuiandika ni fundi kweli," alisema. "Nani huyo?"

Fundi pale mlangoni alianza kupiga nyundo. Bi Pambizo alingoja anyamaze.

"Ni mimi, mama. Nilidhani ni ya jirani."

Bibi kizee hakucheka. Macho yake yenye mwanga kidogo yalielekea dirishani.

"Nigeuze," alisema mwishowe. "Nilaze nitazame ukutani."